Hatakufa, Atakufa

"Sasa mwanangu, kama nikimweka kivulini atakufa, si bora nimrudishe baharini mapema?"

Mzee aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia. Tulikuwa tumekaa kwenye diko la wavuvi la Mayungu, karibu na Malindi, nyavu za majarife zimeanikwa, simu yangu iko juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sauti ya mama wa Kiitaliano anayeokoa kasa wa baharini ndiyo kwanza imemaliza kusoma tangazo la redio nililomwandikia, la kuwaeleza wavuvi la kufanya kasa akinaswa wavuni. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Kwenye karatasi imeandikwa *hatakufa*. Nilivyosikia mimi, alisoma *hatakufa*.

Mzee hakuwa na karatasi.

Tukarudisha nyuma. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikasikiliza kama mtu anayepita njia. Na kweli: *Ata akizimia, atakufa ukimweka kivulini.* H haipo. Imeanguka njiani kati ya jicho la mama na mdomo wake, na imeanguka na maana yote.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa majuma. Kuandika skripti ndiyo riziki yangu, matangazo ya redio, hotuba za harusi, maneno ya kusomwa na mgeni rasmi. Siku zote nimejua kwamba ukimwandikia mtu asiyekimudu Kiswahili, unamchagulia maneno rahisi. Lakini rahisi kwa nani? Na rahisi kivipi?

## Kwa nini asome yeye

Watu wameniuliza, na mimi mwenyewe nimejiuliza: kwa nini tusitafute mtangazaji mwenye sauti yake?

Tulikuwa naye. Tangazo la kwanza lilisomwa na kijana fasaha, Kiswahili kimenyooka, na simu hazikuja. Wavuvi walisema wazi kwamba ile sauti ni ya serikali. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na mtu aliyemkuta kwenye wavu wake kwa bahati mbaya, akisikia sauti ya serikali ikimwambia apige simu, atakata wavu kimyakimya aende zake.

Mama huyu wanamjua. Ndiye anayekuja na gari lake lililochakaa, anayekaa mchangani na wavuvi, anayesema Kiswahili cha sokoni kilichojaa mikono. Sauti yake yenyewe ni nusu ya ujumbe. Wakimsikia wanajua ni nani atakayefika.

Kwa hiyo msomaji habadiliki. Kinachobadilika ni skripti.

## Ulimi na karatasi

Nililolijua mwanzo kabisa lilinishangaza: akizungumza, mama huyu anasema vizuri kuliko anavyosoma. Sokoni anasema *chakula* kama mimi na wewe. Mpe karatasi yenye neno *chakula*, atasoma *kakula*.

Ni karatasi inayomharibu. Kwa Kiitaliano, herufi *ch* husomwa k. Herufi *j* hawana katika maneno yao ya asili, na wakiikuta huwa wanaielekeza kwenye y, hivyo *jarife* inakuwa *yarife*. Herufi *w* inaelekea v, na *wavu* inatoka *vavu*. Halafu kuna s. Huyu mama ametoka kaskazini mwa Italia, na kule s ikikaa katikati ya irabu mbili hugeuka z. *Kasa* kwake ni *kaza*.

Fikiria mvuvi mwenye kasa kwenye wavu anaambiwa *kaza*.

Basi nikaanza kwa kumtenga mama na karatasi. Nilimwomba anieleze tangazo lote kwa maneno yake, bila kusoma, nami nikaandika kila neno lililomtoka vibaya. Kisha akasoma, nikaandika tena. Orodha mbili hazikufanana. Makosa ya kusoma tu, yale yaliyotoweka akizungumza, ni ya karatasi. Yaliyobaki kwenye orodha zote mbili ni ya ulimi.

Tofauti hii ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata, kwa sababu dawa zake ni mbili. Kosa la karatasi halihitaji neno jipya. Linahitaji tahajia nyingine. Nakala yake nikaiandika kwa macho ya Kiitaliano: *kassa* kwa s mbili, kwa kuwa s mbili kwao haigeuki z. *Uavu* badala ya wavu. *Kibici* badala ya kibichi. Neno *nyuma* nikaliandika *gnuma*, maana ile sauti ya ny wanayo tele, ndiyo iliyomo katika lasanya, ila wao huiandika kwa gn. Mtu mwingine akiiona ile karatasi atadhani nimelewa. Mama aliisoma vizuri mara ya kwanza.

Afadhali nisiisifu karatasi sana, kwa kuwa ina hasara yake. Anayesoma tahajia ya namna hiyo huyaona maneno kama silabi tupu, naye hupoteza habari anayoisema. Sauti inakuwa ya mtu anayesoma namba za mita ya stima. Ndiyo maana tulibadilisha tahajia ya maneno yale tu yaliyomkwaza, mengine tukayaacha kama tunavyoyaandika sote, apate pa kukanyaga.

Kosa la ulimi ni jambo jingine. Hapo ndipo unapochagua maneno.

## H

H haimo ulimini mwake. Wao huiandika, lakini hawaitamki. Akizungumza inaanguka, akisoma inaanguka.

Silika yangu ya kwanza ilikuwa kuzifyeka h zote kwenye skripti. Nilijaribu. Jaribu na wewe uone: *baharini* itakwenda wapi? Nikajikuta naandika sentensi za ajabu za kukwepa herufi, mpaka tangazo likawa halina bahari.

Kisha nikafikiri upya juu ya swali la mzee. Hakulalamika kwamba mama alisema *baarini*. Hakulisikia hata. Malindi hii tumelelewa na lafudhi ya Kiitaliano, wengine tumeuziana nayo samaki na vinyago tangu utotoni, na mtu akisema *baarini* sikio linajaza lenyewe kwa kuwa hakuna neno jingine la kugombania nafasi. Kilichomsumbua mzee ni pale h ilipoanguka na chini yake kukawa na neno jingine, zima, linalosimama kwa miguu yake.

Kwa hiyo sikutafuta tena maneno magumu. Nilitafuta maneno ambayo yakikosewa yanakuwa maneno mengine.

Nilikaa na sarufi usiku huo, na niliyoyaona nimeyasema kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza. Ukanushi wetu unaanza na h kwa nafsi karibu zote, lakini h ikianguka si kila mahali panapobomoka. *Hakati* ikiwa *akati*, mwisho wake wa -i bado unapiga kelele kwamba huu ni ukanushi. *Hakukata* ikiwa *akukata*, ile -ku- inakushtua. *Hajakata*, vivyo hivyo, ina -ja-. Lakini wakati ujao hauna ulinzi wowote. Atakata, hatakata. Utakata, hutakata. Kiambishi ni kilekile -ta-, mwisho ni uleule -a, na kinachotenganisha ndiyo na siyo ni pumzi moja mwanzoni mwa neno.

Na inatokea kwa nafsi mbili tu za umoja: yeye na wewe. *Hatutakata* ikiwa *atutakata* haigeuki kuwa kinyume chake, inakuwa tu neno lililochubuka. *Sitakata* haina h kabisa. Ongeza hapo *hana* na *huna*, ambazo zikipoteza h zinakuwa *ana* na *una*.

Sasa tazama tangazo ni nini. Ni mtu anamwambia *wewe* habari za *yeye*, na kumwahidi yatakayotokea. Niliweka ahadi zangu zote mahali pale pale penye shimo.

Nakala ya kwanza ilikuwa hivi:

*Ndugu mvuvi, kasa atakayenaswa katika jarife lako asirushwe baharini kabla ya kuzinduka. Hata akizimia, hatakufa ukimweka kivulini na kumfunika kwa kitambaa kibichi. Tupigie simu. Hutalipa kitu.*

Soma sentensi ya mwisho bila h. *Utalipa kitu.*

Na ile ya katikati ni mbaya zaidi, kwa sababu kasa anapumua hewa kama sisi. Akinaswa chini muda mrefu anazimia kwa kukosa pumzi, analala kama maiti, macho hayachezi. Mvuvi akimrusha baharini katika hali hiyo, anazama. Anatakiwa akae chomboni au mchangani, kivulini, amelala kwa tumbo, upande wa nyuma umeinuliwa kidogo maji yatoke mapafuni, gamba lina unyevu, pua iko wazi. Inaweza kumchukua saa nyingi kuzinduka. Tangazo langu, kwa sauti ya mama, lilikuwa linamtuma mvuvi afanye lile lile la kumuua.

## Kurudi kwenye sentensi

Niliamua kwamba hakutakuwa na wakati ujao wa kukanusha. Makatazo yote yatapita kwenye *usi-*, ambayo haina h na haigeuki: usimtupe, usimgeuze. Na palipo na ahadi, iandikwe kwa upande wa kukubali. *Hatakufa* ikawa *anaweza kupona*. Hapo nilipata faida nisiyoitafuta, kwa kuwa *anaweza kupona* pia ni kweli zaidi. Wapo wasiopona.

Kisha nikapima urefu. Kiswahili kinaweza kubebesha neno moja sentensi nzima, nasi tunajivunia hilo, lakini mgeni anayesoma *atakayenaswa* anafika silabi ya nne hajui kama anapanda au anashuka. Anavuta pumzi katikati ya neno. Ukiona msomaji anapumua ndani ya neno, neno hilo livunje. Virejeshi ndivyo vya kwanza kuondoka. *Kasa atakayenaswa katika jarife lako* ikawa *ukipata kasa kwenye wavu*. Sentensi moja, wazo moja, nukta, pumzi.

Jarife lilinipa shida. Ndilo neno la wavuvi wenyewe, na wavu si jarife tu. Lakini j ilikuwa inarudi kuwa y kila akichoka, na kasa hanaswi kwenye jarife peke yake, kwa hiyo *wavu* lilinipa wasaa zaidi.

Kuna jambo moja niliogopa kuliko yote, nalo ni Kiswahili cha hoteli. Mnakijua. *Mimi penda samaki kubwa.* Ukishaanza kurahisisha, mteremko huo uko karibu, na mzee wa Malindi akizungumziwa hivyo redioni anaona ametukanwa, na ana haki. Rahisi si kuvunja upatanisho. Nilichofanya ni kupunguza ngeli zilizomo. Nakala ya pili nzima inamhusu kasa, na kasa ni wa ngeli ya a-wa tu, *amelala*, *mweke*, *anaweza*, hivyo mama alikuwa na ngeli moja ya kushika badala ya nyingi. Vitu vingine vilipotajwa nilihakikisha kila kimoja kina sifa moja tu, inayokaa karibu nacho: *kitambaa kibichi*. Hakupata nafasi ya kukosea.

## Bure

Ikatoka hivi:

*Ndugu mvuvi. Ukipata kasa kwenye wavu, usimtupe baharini. Kama amelala tu, anaweza kupona. Mweke kivulini. Inua nyuma yake kidogo. Weka kitambaa kibichi juu ya gamba. Pua iwe wazi. Tupigie simu. Tunakuja bure.*

Tukarekodi, nikarudi diko. Safari hii sikumpa mzee peke yake. Nilimchezea pia kijana aliyekuwa anashona wavu na mama muuza samaki, kila mmoja kwa wakati wake, simu ikiwa hapo hapo upeponi. Sikuwauliza "mmeelewa?" kwa kuwa hakuna mtu wa pwani atakayekujibu hapana. Niliuliza: "Utafanya nini?"

Kijana akanieleza hatua zote, hata ile ya pua. Muuza samaki akasema vivyo hivyo. Mzee akasikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mnakuja bure? Basi msije!"

Bure. Pasipo malipo, na pia pasipo faida. Sikosi kulitumia kila siku, na lilinipita. Neno ni fupi, rahisi, halina h, mama analitamka kama amezaliwa nalo, na linasema vitu viwili. Hapo urahisi wa ulimi ulikuwa umenivuta mbali na uwazi wa sikio, na nikaona kwamba vitu hivi viwili si kimoja, wala havina udugu wa lazima.

Nikaweka *gharama ni yetu*. Hii gh mama haiwezi. Anasema *garama*, na atasema *garama* mpaka kaburini. Lakini *garama* haina maana nyingine kwa mvuvi yeyote, kwa hiyo niliiacha ikae na lafudhi yake. Neno gumu likachukua nafasi ya neno jepesi, na tangazo likawa bora.

Hapo pia nilianza kumsikia mama vizuri zaidi. Aliponiuliza kwa nini nimemwachia neno linalomshinda, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe si lazima mimi niseme kama nyinyi. Lazima tu wao wasisikie kitu kingine." Sijui kama ningeliweza kulisema kwa ufupi hivyo, na mimi ndiye nilikuwa nalipwa.

## Namba haina kisawe

Kuna mstari mmoja ambao hauna neno rahisi wala gumu. Namba ya simu.

Huwezi kuchagua tarakimu. Namba yetu ina *sita* na *tisa* zikifuatana, na hizi mbili zina irabu zile zile, ni s na t tu zilizobadilishana nafasi, sauti ya s ikiingiliwa na upepo au ikigeuka z nusu, basi. Tulijaribu apunguze mwendo. Tulijaribu aseme tarakimu mbilimbili, akinyamaza kati yake. Kijana wa wavu aliandika mchangani kwa kidole alichosikia, na hakuandika namba yetu.

Nilipinga kwa muda, kwa kuwa nilitaka tangazo liwe la sauti moja. Mwishowe namba inasomwa na kijana huyo huyo, mara mbili, baada ya mama kusema *tupigie simu*. Inasikika kama watu wawili waliokaa pamoja, jambo ambalo ni kweli.

Skripti ina mpaka wake. Palipo na jina la mtu, jina la mahali, au namba, huna kisawe, na kama ulimi umekataa basi badilisha mdomo kwa mstari huo tu.

## Ng'amba

Nilidhani tumemaliza. Kijana akauliza, "Na ng'amba je?"

Kwa wasiokaa ufukweni: ng'amba ni yule mwenye gamba la mapambo, na wavuvi wengi ukisema kasa wanamfikiria kasa wa kawaida, kila mmoja na jina lake. Nilikuwa nimelikwepa neno hilo tangu siku ya kwanza. Ng' ni sauti inayowashinda hata baadhi ya jamaa zetu wa bara, sembuse mama. Anasema *n-gamba*, kwa g nzito, na anajua anakosea, na uso unamwiva.

Lakini swali la kijana halikuwa la matamshi. Alikuwa anauliza kama tangazo linamruhusu kubaki na ng'amba. Nililikata neno kwa ajili ya ulimi, na wavu ukapata tundu.

Nikalipitisha kwenye kipimo kilekile. Likikosewa, linakuwa neno jingine? Hapana. *N-gamba* si kitu kingine. Kinyume chake, anayelisikia anasikia gamba ndani yake, na gamba ndilo hasa alilonalo. Linachekesha tu.

Nikamwandikia: *Ukipata kasa au ng'amba kwenye wavu.* Hakulipenda. Alisema watamcheka.

Watakucheka, mama, nikamwambia, na watajua unamsema nani.

Tangazo linaendelea kwenye redio, na kwenye makundi ya wavuvi linazunguka kama ujumbe wa sauti. Watoto wa Mayungu wameshaanza kumwigiza, *n-gamba, n-gamba*, akipita na gari. Naye sasa anataka tuandike jingine, la kuwaomba wenye hoteli wapunguze taa za ufukweni msimu wa kasa kutaga. Nimeanza kuliandika jana. Neno *hoteli* halinitishi. Atasema *oteli*, na hata sisi wengi tunasema hivyo hivyo. Kinachonisumbua ni sentensi moja ambayo mwenyewe anaitaka sana, *mgeni hatapotea gizani*, na bado sijapata njia ya kuizunguka.